Hatua ya 6 na sababu yake

Mwongozo wa kwanza wa kazi nilioandika ulihusu friji ya chanjo kwenye zahanati niliyokuwa nafanya kazi. Nilianza na madhumuni, nikajaza nusu ukurasa wa maneno mazuri ambayo hakuna aliyeyasoma. Siku hizi madhumuni kwangu ni sentensi moja: chanjo zibaki kati ya nyuzi 2 na 8, usiku na mchana. Mawanda nayo yanataja mwanzo, mwisho na kisichohusika: tangu chanjo zinapopokelewa hadi zinapotoka kwenda kliniki, friji ya maabara haimo.

Kwenye majukumu ndipo nilipoumia. Niliandika "joto lisomwe asubuhi na jioni". Lisomwe na nani? Jumatatu moja tukakuta fomu ina mapengo ya Jumamosi na Jumapili, na kila mtu alidhani ni kazi ya mwenzake. Nikabadilisha: muuguzi wa zamu anasoma, anaandika, anatia sahihi, sikukuu zikiwemo. Mganga mfawidhi anakagua fomu kila Ijumaa. Taja cheo, usitaje jina, maana watu huhamishwa.

Hatua ziandikie mtu aliye peke yake saa nane usiku, umeme umekatika. Hatua yangu ya 6 ilisema: "Hamishia chanjo kwenye kibebeo chenye pakiti za barafu." Muuguzi akafuata neno kwa neno. Akatoa pakiti kwenye friza zikiwa ngumu kama jiwe, akazipanga, akaweka chanjo. Asubuhi vichupa vya pentavalenti vilivyogusana na pakiti vilikuwa vimeganda. Chanjo hiyo ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Tulivitupa. Muuguzi hakukosea, nilikosea mimi niliyeandika.

Hatua ikawa hivi: "Toa pakiti kwenye friza, ziache mezani. Tikisa moja moja. Ukisikia maji yanacheza ndani, ipange kwenye kibebeo." Nikaongeza kwamba wakati huo wa kusubiri mlango wa friji usifunguliwe.

Jedwali la marekebisho nililiweka ukurasa wa mwisho: namba ya toleo, tarehe, kilichobadilika, sababu, aliyeidhinisha. Wengi huandika "maboresho madogo" kwenye safu ya sababu, yaani hawajaandika kitu. Mimi niliandika: "Toleo la 3, hatua ya 6: pakiti zisubiri hadi maji yasikike. Sababu: vichupa viliganda kwa kugusana na pakiti ngumu."

Miaka miwili baadaye akaja mfawidhi mpya, mchapakazi kwelikweli. Akataka kufuta kule kusubiri, akisema chanjo zinaharibika kwa joto huku sisi tunatikisa barafu. Sikubishana naye. Nilimfunulia ukurasa wa mwisho, akasoma mstari wa toleo la 3, akarudisha kalamu mfukoni. Kisha akaniuliza kwa nini nakala iliyobandikwa ukutani bado ni toleo la 2.