Barua ya kuomba ada ya bima ipunguzwe

"Nimefunga ving'ora vya moto na vinyunyizio vya maji kwenye godauni la magodoro. Niwaandikieje watu wa bima wanipunguzie ada?"

Ndugu, ipeleke wiki sita hivi kabla bima haijaisha, maana watataka kumtuma mkaguzi wao. Taja namba ya mkataba, tarehe mfumo ulipoanza kazi na sehemu unazolinda, kisha omba waziwazi: "Naomba mje mkague, mpange upya ada ya moto."

Ambatanisha cheti cha kampuni iliyofunga, majibu ya kipimo cha shinikizo la maji na mkataba wa matengenezo. Picha pekee hazitoshi.

Mimi nilikwama kwenye ukaguzi: magodoro yalikaribia kugusa vinyunyizio. Acha nusu mita hivi chini yake.

Usiandike "godauni lote" kama stoo ya nyuma haina mfumo. Godauni likiungua, dai linaweza kukataliwa. Mwonyeshe dalali wako wa bima barua kabla hujasaini.