Usikate huo waya kabla hujapima plagi

"Wakuu, umeme unakatika hadi usiku mzima. Nina betri ya sola ya volti 12. Fundi kaniambia nitafute waya wa adapta yoyote ya zamani, nikate, ule wenye mstari mweupe ndio chanya, nifunge kwenye betri na kuchomeka kwenye ruta. Ni sawa? Na betri itakaa saa ngapi?"

Mkuu weka mkasi chini. Huyo fundi wako na aliyeniingiza mimi mkenge nadhani walisomea darasa moja, maana maneno ni yale yale: "Mstari mweupe ni chanya, hiyo haibadiliki popote duniani." Nilimwamini. Nilipoteza ruta na kile kisanduku cha faiba jioni moja, ndani ya dakika kama kumi hivi.

Nilikuwa na betri ya volti 12, ampea-saa 7, ile iliyozibwa, inachajiwa na sola kupitia kontrola. Waya nilitoa kwenye adapta iliyokufa ya kinanda. Plagi yake iliingia kwenye ruta kama imetengenezwa kwa ajili yake, nikafurahi kabisa. Fundi akaunga mweupe kwenye chanya, mwingine kwenye hasi, akapiga selotepu, akachukua chake akaondoka.

Nikachomeka. Hakuna taa. Nikasema labda plagi haijakaa, nikaisukuma na kuizungusha kidogo. Hapo ikaja harufu, ile ya plastiki mpya iliyoachwa karibu na moto, na waya mkononi ukawa wa moto. Nikachomoa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikajiambia ruta ilikuwa na matatizo yake tangu zamani (kweli ilikuwa nayo, sijitetei), hebu nijaribu kwenye kisanduku cha faiba, nacho si kinatumia volti 12? Plagi ile ile, betri ile ile. Safari hii hata harufu haikunisubiri, kililia "tik" kikazima moja kwa moja. Na ndiyo, mita ya kupimia volti nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye droo, ndani ya nailoni yake, imetunzwa vizuri kuliko ruta.

Nilipofungua ruta, karibu na tundu la umeme kulikuwa na kidude cheusi kama punje ya mchele, kimepasuka katikati. Ni dayodi ya kinga. Vifaa vingi huwekewa dayodi hapo ili umeme ukiingia kinyume upite kwenye dayodi badala ya kwenda kuua vingine. Kinga hiyo inategemea kwamba chanzo cha umeme kitasalimu amri. Adapta ya ampea 1 ikiona imefungwa shoti hujizima au hushuka nguvu, kwa hiyo dayodi inapona. Betri haina habari hiyo. Kabetri kadogo kama kangu kanaweza kusukuma makumi ya ampea kwa muda mfupi. Dayodi ikapikwa, ikapasuka, na umeme wa kinyume ukaendelea na safari kwenda ndani. Ndiyo maana kosa ambalo kwa adapta lingeweza kukusamehe, kwa betri linaua.

Sasa sehemu iliyonichukua wiki kuielewa, na hapa ndipo nataka unisikilize: kuhusu mstari mweupe wa waya ule fundi hakukosea! Kwenye ile adapta ya kinanda mweupe ulikuwa chanya kweli, nilikuja kupima. Ila vinanda vingi hutaka hasi katikati ya plagi na chanya kwenye gamba la nje. Ruta, karibu zote, ni kinyume chake: chanya katikati, hasi nje. Kwa hiyo waya uliungwa sawasawa kabisa kwenye betri, na plagi ikatoa umeme kinyume. Rangi ya waya inakuambia habari za ile adapta ulikoutoa. Haisemi lolote kuhusu ruta yako.

Ndiyo maana sheria yangu ni moja: unapima plagi, kwenye ncha ile ile itakayoingia kwenye ruta, kila mara, kabla haijaingia. Hata kama umeiunga mwenyewe. Hata kama ilifanya kazi jana na leo umefungua tu selotepu kuikaza.

Anza na adapta halisi ya ruta. Isome mgongoni, pale penye OUTPUT, siyo INPUT. Utaona mfano 12V 1A. Usidhani, nyingine ni volti 9, nyingine 5. Pembeni kuna mchoro mdogo wa nukta iliyozungukwa na nusu duara, na alama za + na − huku na huku. Alama iliyounganishwa na nukta ndiyo ya katikati. Halafu weka mita kwenye 20 upande wa DC, ncha nyekundu ndani ya kitundu cha plagi, nyeusi kwenye gamba la nje, angalia zisigusane. Ikisoma kama 12.2 bila alama ya kutoa, katikati ni chanya. Andika pembeni.

Kisha fanya hivyo hivyo kwenye plagi yako ya betri. Ikisoma 12.7, mambo mazuri. Ikisoma −12.7, hako kamstari kadogo mbele ya namba ndiko kangeniokolea vifaa viwili. Geuza waya, pima tena.

Halafu hiyo "volti 12" ya betri ni jina tu. Ikiwa imejaa na imetulia ni kama 12.7, na sola ikiichaji mchana inaweza kufika 14.4. Ruta nyingine huvumilia, nyingine hapana, na kwenye kibandiko hawakuahidi. Weka katikati kale kamoduli kanakopandisha na kushusha volti, kairekebishe hadi itoe 12.0 kabla ya kuunganisha ruta, na hapo napo unapima kwenye plagi. Kama ruta yako ni ya volti 9 hili halina mjadala. Na usije ukachomeka paneli moja kwa moja eti imeandikwa volti 12: juani bila mzigo inatoa 21 hivi.

Ampea zisikutishe. Chanzo chenye ampea nyingi kuliko zilizoandikwa hakiumizi, ruta huvuta inachohitaji. Kwa sababu hizo hizo za makumi ya ampea, weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, siyo karibu na ruta. Waya ukichubuka katikati ya njia, fyuzi iliyo mwishoni ni pambo.

Saa ngapi? Ruta yangu mpya inavuta ampea 0.5, yaani wati 6. Betri ya 7 naitumia nusu tu nisiiue, hiyo ni wati-saa 42, toa kinachopotea kwenye moduli, napata kama saa sita. Ila kama una faiba, kumbuka kile kisanduku nacho kinataka umeme, na hizo saa sita zinakuwa tatu na ushee. Nacho kina plagi yake, na plagi yake nayo inapimwa. Mimi nilidhani kwa kuwa vyote ni 12 ni ndugu.

Na huyo fundi akija, mita iwe juu ya meza. Akicheka, mwambie akushikie ncha nyeusi.