Homa siku ya kumi baada ya kemo

"Mama yuko Wete, leo siku ya kumi tangu dripu ya kemo ya saratani. Jioni kapima 38.4, ila anakula na kuzungumza. Nimpe panadoli tusubiri asubuhi?"

Hapana ndugu yangu, mpelekeni hospitali usiku huu huu. Panadoli msimpe kwanza. Itashusha joto huku maradhi yakiendelea.

Baina ya siku ya 7 na ya 14 ndipo nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, huwa chache kabisa. Zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita, hata vijidudu vya utumbo wake mwenyewe vyaweza kuingia kwenye damu. Usaha nao hutokana na chembe hizo, kwa hiyo huenda msione jipu wala uvimbe: homa tu. Anaweza kunywa uji saa mbili usiku, saa nane presha ikaanguka.

Mlangoni semeni: "Yuko kwenye kemo, ana homa." Msikubali kukaa foleni. Watachukua damu ya kuhesabu chembe na ya kuotesha vijidudu, kisha antibayotiki kali ya mshipani, mfano sefepimu, ndani ya saa moja. Majibu hayasubiriwi, maana kuotesha huchukua siku. Malaria wapime pia, ila isicheleweshe dawa. Chukueni na karatasi yake ya kemo.