Gari linagonga ukuta

"Darasa la Tano, Kigoma. Tunapima kimo cha ubao ulioinamishwa juu ya vitabu kinavyobadili umbali ambao gari la chupa hufika sakafuni. Nikiongeza vitabu linagonga ukuta, kipimo kinakosekana. Nipunguze vitabu?"

Hapana mwalimu, tandika gunia au kanga sakafuni kuanzia mwisho wa ubao. Saruji iliyosuguliwa ina msuguano mdogo mno, ndiyo maana darasa halitoshi. Vuta kitambaa kisiwe na mikunjo.

Pima kuanzia pale ubao unapogusa sakafu hadi magurudumu ya mbele yanaposimama. Watoto wengi huanza kupima kutoka juu ya ubao, halafu namba hazilingani. Gari liachiwe tu, lisisukumwe: lizuieni kwa rula, kisha inyanyueni. Kila kimo mara tatu, mchukue jibu la katikati.

Kimo kikizidi mara mbili, umbali nao hukaribia mara mbili. Tuseme sm 5 imetoa sm 60. Sm 10 itarajieni karibu na 120. Ikiishia 90, angalia ubao unapokutana na sakafu: gari linajigonga pale na kupoteza mwendo. Bandika kipande cha boksi kilichopinda kidogo.

Wapo wanaosema gari zito hufika mbali; wamepatia nusu. Uzito huongeza nguvu ya kushuka na msuguano pia, kwa hiyo tofauti huwa ndogo. Ila kwa gari lenye magurudumu ya vifuniko, mhimili ukipinda, lile zito ndilo litakalosimama mapema.

Na gari la betri halifai hapa, lina nguvu yake.