Oda moja, nusu taslimu nusu simu: naiandikaje?

*Swali: Habari mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kahama, mauzo naandika kwenye Excel. Nina safu ya "Njia ya malipo" ambayo naweka Taslimu au M-Pesa. Shida ni mteja anayelipa nyingine kwenye simu, nyingine mkononi. Nikiandika Taslimu, droo inaonekana ina upungufu. Nikiandika M-Pesa, salio la simu halifiki. Nimejaribu kuigawa oda mistari miwili, sasa mifuko ya saruji inahesabika mara mbili. Halafu simu ya Lipa Namba anakaa nayo mume wangu, hayupo dukani muda wote. Nifanyeje?*

Dada, hapo mauzo na malipo yamelazimishwa kukaa mstari mmoja, na hayo ni mambo mawili. Mauzo yanasema mteja kachukua nini na anadaiwa kiasi gani. Malipo yanasema pesa imeingia lini, imepitia wapi, na imetua kwenye droo au kwenye simu. Oda moja inaweza kuwa na malipo mawili, au matatu kama mteja kabakiza deni akalimalizia Jumamosi. Kwa hiyo ile safu ya "Njia ya malipo" ifute kwenye karatasi ya mauzo, kisha fungua karatasi ya pili uiite MALIPO.

Kwenye MAUZO, kila oda ibaki na mstari wake mmoja: A namba ya oda, B mteja, C jumla ya oda, D baki. Mchanganuo wa bidhaa kama unao mahali pengine, uache ulipo. Kwenye MALIPO, kila pesa inayoingia inapata mstari wake: A tarehe, B namba ya oda, C njia, D kiasi, E namba ya muamala, F aliyepokea. Kinachounganisha karatasi hizi mbili ni namba ya oda tu. Saruji haiwezi tena kuhesabika mara mbili, maana MALIPO haijui habari za saruji.

Tuchukue oda namba 0417. Mteja kachukua mifuko 12 ya saruji kwa 17,500, nondo 4 kwa 24,000 na misumari kilo 3 kwa 4,000. Hiyo ni 210,000, 96,000 na 12,000, jumla 318,000. Anasema, "Laki mbili natupia kwenye simu, nyingine hii hapa." Anza na simu. Usipokee noti, usitoe chenji, mpaka ujumbe wa muamala uingie upande wenu. Sababu yake ni kwamba kiasi cha taslimu kinatokana na kilichofika, si kilichoahidiwa. Mtu anakusudia kutuma 200,000, akakatwa ada, salio likawa halitoshi, akatuma 195,000 kimyakimya. Kama ulishapokea 118,000 na kumruhusu apakie, hiyo 5,000 utaifuata kwake. Ukisubiri, unamwambia tu kwamba baki ni 123,000.

Tuseme 200,000 imefika kamili. Baki ni 118,000. Mteja anakupa 120,000, unamrudishia 2,000. Kwenye MALIPO unaandika mistari miwili yenye namba ile ile 0417: M-Pesa 200,000 pamoja na namba ya muamala, na Taslimu 118,000. Usiandike 120,000. Hapa ndipo nimeona madaftari mengi yakiharibika. Muuzaji anaandika noti alizoshika, chenji haiandiki popote, jioni droo inapungua 2,000 na msaidizi wa duka anatazamwa kwa jicho baya. Chenji hutoka upande wa taslimu, kwa hiyo taslimu inaandikwa baada ya kuitoa chenji.

Baki ijihesabu yenyewe. Kwenye D2 ya MAUZO weka hii, kisha ivute chini:

```
=C2-SUMIF(MALIPO!B:B,A2,MALIPO!D:D)
```

Ikionyesha 0, oda imelipwa. Ikionyesha namba chanya, hilo ni deni. Ikiwa hasi, ama umepokea zaidi ama umeandika chenji kama mapato, na mara nyingi ni hilo la pili. Kama Excel yako inakataa mikato, tumia nukta-mkato (;) mahali pake; ni suala la mipangilio ya kompyuta.

Safu ya njia kwenye MALIPO isiandikwe kwa mkono. Weka orodha ya kuchagua (Data Validation): Taslimu, M-Pesa, Airtel Money, na nyingine mnazopokea. Kompyuta haijui kwamba "Taslim" na "Taslimu" ni kitu kimoja, na mstari mmoja ulioandikwa vibaya unapotea kwenye jumla ya siku bila kukupigia kelele.

Namba ya muamala ndiyo inayokulinda kuliko safu nyingine zote, ila chukua ile iliyo kwenye ujumbe ulioingia kwenye simu *yenu*. Mteja wa mtandao mwingine akilipa kwenye Lipa Namba yako, namba anayoiona yeye inaweza isilingane na yako, na siku ukiomba taarifa ya miamala, ya kwake hutaiona humo. Isitoshe, ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si uthibitisho. Unaweza kuwa wa wiki iliyopita, au umetungwa na kutumwa kutoka namba ya mtu binafsi.

Kabla hujaanza kuingiza, ifanye safu E iwe ya maandishi (Format Cells, kisha Text). Excel ikiona namba ndefu inaigeuza kuwa kitu kama 2.5E+13, na ikizidi tarakimu 15 zinazobaki inazifanya sifuri. Kisha weka rangi nyekundu kwenye namba iliyojirudia, kupitia Conditional Formatting, kwa sharti hili:

```
=AND($E2<>"",SUMPRODUCT(--($E$2:$E$9999=$E2))>1)
```

Nyekundu haimaanishi wizi. Fundi anaweza kutuma 300,000 mara moja kwa ajili ya oda yake na ya jirani yake, na hapo namba moja itaonekana kihalali kwenye mistari miwili. Unachoangalia ni kwamba mistari hiyo ikijumlishwa haizidi kiasi kilichoandikwa kwenye ujumbe. Ikizidi, mtu katumia muamala mmoja kulipia vitu viwili.

Kufunga siku sasa kunakuwa mara mbili, droo peke yake na simu peke yake. Andika tarehe ya leo kwenye H1, na jumla ya taslimu ya siku ni hii:

```
=SUMIFS(MALIPO!D:D,MALIPO!A:A,$H$1,MALIPO!C:C,"Taslimu")
```

Badilisha neno la mwisho kwa kila mtandao. Tuseme ulianza na chenji ya 50,000, taslimu iliyoingia ni 642,000, na ulimlipa bodaboda 15,000 kutoka droo. Unatakiwa ukute 677,000. Ukikuta 675,000, usianze na msaidizi. Anza na oda za mchanganyiko za siku hiyo, utafute palipoandikwa 120,000 badala ya 118,000. Upande wa simu ni salio la asubuhi, ongeza mistari ya mtandao huo, toa mlichotoa kwa wakala na ada zilizokatwa.

Ada isiguse oda. Mtandao ukikukata 1,000 kwenye ile 200,000, mteja amelipa 200,000 na ndivyo inavyoandikwa. Ile 1,000 ni gharama ya duka na inakwenda kwenye matumizi. Ukiandika 199,000, oda 0417 itabaki na deni la 1,000 ambalo hakuna mtu anayedaiwa. Vivyo hivyo mteja aliyetuma kwenye namba ya kawaida akaongeza "ya kutolea": oda imepokea 200,000, na nyongeza unaiandika mstari wa pembeni usio na namba ya oda, ili salio la simu lilingane.

Kuna mambo mawili yanayofanana na malipo lakini siyo. Mkitoa 300,000 kwenye simu mkaiweka kwenye droo, hayo si mauzo. Pesa imehama tu, ipungue huku na iongezeke kule. Na yule mteja anayesema, "Natuma laki mbili na nusu, nirudishie hamsini mkononi," amekufanya wakala bila kamisheni. Ukikubali, andika M-Pesa 250,000 na Taslimu -50,000, zote kwenye oda hiyo hiyo. Ukiandika 200,000 peke yake, simu itazidi 50,000 na droo itapungua 50,000 siku hiyo hiyo, na huo ndio mkanganyiko ulioniandikia.

Kurudisha bidhaa nako ni hivyo hivyo. Mteja wa 0417 akirudisha nondo zote, unampunguzia 96,000 kwenye jumla ya oda, na kwenye MALIPO unaandika -96,000 kwa njia *uliyomrudishia*, hata kama alilipa kwa nyingine. Ukimpa mkononi, taslimu ya oda inabaki 22,000 na M-Pesa inabaki 200,000, jumla 222,000, sawa kabisa na vilivyobaki kwake. Mstari wa zamani wa MALIPO usiufute wala kuusahihisha juu kwa juu.

Kama mnatumia mashine ya EFD, risiti ni moja ya 318,000. Nimekuta duka likitoa risiti mbili, ya 318,000 kwa ajili ya oda na nyingine ya 200,000 "kwa ajili ya M-Pesa", na mauzo yakavimba mbele ya TRA. Kama mashine yenu inaruhusu kugawa malipo, ingiza 200,000 kwa kitufe cha malipo ya kielektroniki, mashine itaonyesha kilichobaki, umalizie kwa taslimu. Kama hairuhusu, risiti ibaki moja na mgawanyo usome kwenye MALIPO.

Sasa hiyo simu ya mume wako. Formula zote hizi hazisaidii kama anayepokea pesa haoni ujumbe. Sasa hivi unampigia, yeye anakusomea kwa haraka akiwa kwenye gari, na namba ya muamala huandiki kwa sababu hakuna wa kuitaja herufi kwa herufi. Laini ya Lipa Namba ikae dukani, kwenye simu ndogo ya batani iliyofungwa kaunta. Namba ya siri abaki nayo yeye, maana kusoma ujumbe ulioingia hakuhitaji namba ya siri, ila kutoa pesa kunahitaji. Akitaka naye aone, muulize mtoa huduma wenu kama ujumbe wa malipo unaweza kwenda kwa zaidi ya namba moja. Mpaka hapo akutumie picha ya ujumbe kabla hujapokea noti, na kwenye safu F andika jina lake kwenye mstari wa simu na lako kwenye mstari wa taslimu.