Maswali na Majibu: Nani Kakwambia Titresheni Lazima Iishie pH 7?

Asidi na besi zikimalizana si pH inakuwa 7? Mwalimu katukosesha darasa zima. (Kidato cha sita, Ujiji)

Mwalimu yuko sahihi, na swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno. Hiyo 7 ni ya asidi kali kwa besi kali, basi. Chukua mililita 25 za asidi ya ethanoiki, hii ya kwenye siki, ya 0.1 M, uidondoshee NaOH ya 0.1 M. Bureti ikisoma 25, asidi imekwisha, lakini ndani ya chupa imebaki ioni ya ethanoeti. Ioni hiyo hung'ang'ania haidrojeni, kwa hiyo huyapokonya maji, na maji yaliyopokonywa yanaacha OH⁻.

Sasa hesabu. Ujazo umefika mililita 50, kwa hiyo ethanoeti ni 0.05 M. Wengi huandika 0.1 M hapa na kupoteza maksi za bure. Ka ni 1.8 × 10⁻⁵, hivyo Kb ni 5.6 × 10⁻¹⁰.

[OH⁻] = √(5.6 × 10⁻¹⁰ × 0.05) = 5.3 × 10⁻⁶ M

pOH ni 5.28, pH ni 8.72. Msiikariri. Ukibadili asidi au ukolezi, namba nayo inabadilika.

pKa naisoma wapi kwenye grafu? (Kasulu)

Kwenye nusu ya ujazo wa kumalizia: hapa ni mililita 12.5, pH 4.74. Nusu ya ujazo, si nusu ya pH.

Nimetumia metili oranji, rangi haikugeuka ghafla. Imeharibika? (Tabora mjini)

Ni nzima, umeipa kazi isiyo yake. Hugeuka kati ya pH 3.1 na 4.4, na asidi hii hupita hapo taratibu, tangu matone ya mwanzo hadi kama mililita 8. Utaona nyekundu ikififia kuwa njano bila kujua pa kusimama, na popote utakapofunga bureti umekosea.

Mpando mkali uko kwingine: kutoka mililita 24.9 hadi 25.1, pH inaruka kutoka 7.1 hadi 10.3. Fenolftalini, inayogeuka kati ya 8.3 na 10, imo humo humo. Simama kwenye waridi hafifu linalodumu nusu dakika. Likipauka baadaye, ni kabonidayoksaidi ya hewani imeingia, usiongeze tone.

Asali yetu ya huku Tabora inapimika hivi? (Mfuga nyuki, Sikonge)

Inapimika. Yeyusha gramu 10 kwenye mililita 75 za maji yaliyotoneshwa, dondosha NaOH ya 0.1 M mpaka mita isome pH 8.3. Ikizidi mililita 5, asali imevuka kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya vyakula, cha milikwivalenti 50 kwa kilo. Lakini usizubae: asidi ya glukoniki, iliyo kuu kwenye asali, huambatana na laktoni yake, nayo hufunguka polepole ndani ya besi na kuwa asidi. Ukichelewa, pH inashuka tena mbele ya macho yako, unaongeza NaOH, na asali nzuri inaonekana imechacha.