Picha ya mtaani kwa rangi 12: jenga mandhari kwanza, mtu baadaye

Ukiibana picha ya mtaani hadi iwe ndogo kabisa, kisha ukaikuza tena, utapata vijimraba, ila sanaa ya pikseli bado hujaipata. Ulicho nacho ni picha ileile, imechakaa tu. Ukuta unajaa madoa ya kahawia, nyaya za umeme zinakatikakatika, na yule mtu uliyeinua kamera kwa ajili yake anamezwa na mlango ulio nyuma yake.

Sababu yake ni rahisi. Programu inapopunguza rangi huangalia zaidi eneo: kinachochukua nafasi kubwa ndicho kinachopewa rangi nyingi. Nichukue picha moja niliyoifanyia kazi. Mwanamume amevaa shati jekundu, anasukuma baiskeli. Jua la jioni linatoka kushoto. Nyuma yake kuna ukuta mrefu, mlango wazi wenye giza ndani, nguzo, gari lililoegeshwa na majengo ya mbali. Niliipitisha kwenye ImageMagick hivi:

```
magick mtaa.jpg +dither -resize 160x120 -colors 12 jaribio.png
```

Ukuta ukajizolea rangi kadhaa za kahawia ambazo jicho halizitofautishi. Shati, kwa kuwa ni pikseli chache, likapauka likawa kahawia nalo. Faili hilo silitupi. Nalitumia kama ramani tu. Naliweka kwenye leya ya chini, nalififisha, kisha nachora upya juu yake kwa penseli ya pikseli 1. Mimi hutumia Aseprite, ila LibreSprite au GIMP zinatosha kabisa.

Kabla ya kugusa rangi yoyote, igeuze picha iwe ya kijivu na uigawe katika viwango 4 vya mwanga. Kwenye GIMP ni `Colors > Posterize`. Hapo ndipo mtaa unapoanza kukuonyesha mabapa yake: anga na ukuta wa juani vinaungana kuwa kitu cheupe, barabara inakaa katikati, kivuli chote kinakuwa bapa moja refu, na mlango pamoja na uvungu wa gari vinakuwa weusi. Mabapa hayo ndiyo mandhari yako. Usichore gari, nguzo na mlango kama vitu vitatu ikiwa vyote vimo ndani ya kivuli kimoja. Chora kivuli kama umbo moja, kisha toboa humo mistari michache inayomfanya mtazamaji aone gari: kioo cha mbele, ukingo wa paa, tairi moja. Basi.

Maumbo haya ya nyuma nayapa sharti moja: kingo zake zote zinakaa kwenye gridi ya pikseli 4. Mlango una upana wa 16 na urefu wa 32, hata kama kwenye picha ni 17 kwa 35. Paa linaloinama linashuka pikseli 4 kila baada ya pikseli 12, kwa ngazi zinazolingana tangu mwanzo hadi mwisho. Ngazi zisipolingana, yaani mara 10, mara 14, mara 11, jicho linaona ukingo uliotafunwa na panya, hata kama ndivyo kamera ilivyouona. Mtu na baiskeli yake hawafuati gridi hiyo. Wao wanachorwa pikseli kwa pikseli. Tofauti hiyo ya ukakamavu ndiyo inayomsogeza mtu mbele, bila kuhitaji mstari mweusi wa kumzungushia. Lakini angalia: maumbo kuwa makubwa hakumaanishi pikseli zenyewe kuwa kubwa. Ukichora mandhari kwenye turubai ndogo zaidi, ukaikuza na kuibandika nyuma ya mtu, utakuwa na pikseli za saizi mbili katika picha moja, na jambo hilo huonekana upesi sana.

Sasa rangi. Kati ya 12, mandhari naipa 8: anga moja, majengo ya mbali moja iliyopauka, ukuta wa juani mbili, barabara ya juani moja, kivuli mbili, na giza moja. Nne zinazobaki ni za mtu: mbili za ngozi, mbili za shati. Kinachookoa hesabu hii ni kivuli. Watu wengi hutafuta kivuli cha ukuta kwa kuongeza weusi kwenye rangi ya ukuta, halafu wanafanya hivyo tena kwa barabara, tena kwa gari, na rangi zinaisha. Ukitazama kivuli cha nje siku ya anga safi, mwanga wake unatoka angani, kwa hiyo unaelekea ubuluu. Zambarau moja yenye ukijivu inaweza kuwa kivuli cha ukuta, cha barabara na cha ubavu wa gari, na hakuna atakayeuliza. Karibu na njano ya ukuta wa juani, hiyohiyo inaonekana baridi na yenye kina.

Wekundu wa shati haugusi mandhari hata kidogo. Kwenye picha kulikuwa na bango jekundu ukutani. Nililipa rangi ya pili ya ukuta. Kazi yako si ushahidi wa mahakamani. Kwa sababu hiyohiyo niliuhamisha mlango pikseli 8 kulia, maana kichwa cha yule bwana, chenye nywele nyeusi, kilikuwa kinaangukia kwenye giza lake. Kipimo ni hiki: rudisha kazi iwe kijivu, itazame kwa ukubwa wake halisi. Ukishindwa kusema kichwa kinaishia wapi, rangi nyingine haitakusaidia, sogeza umbo.

Yeye mwenyewe ana urefu wa pikseli 46, kwa hiyo kichwa ni kama 7. Macho hayaingii, na usiyalazimishe: pikseli mbili nyeusi usoni zinamgeuza kikaragosi. Rangi ya ngozi ya juani kwenye shavu la kushoto na ya kivuli kwingine, uso unaeleweka. (Faida ya pembeni ni kwamba mpita njia hatambuliki.) Gurudumu la baiskeli ni pikseli 18, na spoku haziwezekani, ukizijaribu unapata utando wa buibui uliovunjika. Nilichora duara la giza lenye unene wa pikseli 1, ndani nikamwaga rangi ya kivuli iliyo nyepesi zaidi, kisha nikaweka pikseli moja ya rangi ya anga mahali jua linapogonga rimu. Nilipotazama kwa mbali, gurudumu lilikuwa linazunguka.

Vitone vya rangi mbili vilivyopishana kama ubao wa drafti huvutia kwenye anga, lakini nyuma ya maumbo mapana vinapiga kelele na kuua utulivu wa mabapa. Hapa nimeviacha kabisa.

Ukimaliza, kuza kwa namba kamili, mara 6 kwa mfano, ili 160 kwa 120 iwe 960 kwa 720. Kwenye GIMP chagua `None` katika `Interpolation`, au andika:

```
magick kazi.png -sample 600% kubwa.png
```

Hifadhi kama PNG. JPEG inatapanya vumbi la rangi kando ya kila ukingo, na rangi zako 12 zinarudi kuwa mamia.